Kilichosomeka, Kilichokisiwa na Kisichosomeka: Maelezo ya Mnukuzi kwa Mteja kuhusu Picha yenye Ukungu ya Hati ya Shamba Mkoani Singida

Katika vijiji vya Mkoa wa Singida, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, mauziano ya shamba yameandikwa kwa miaka mingi kwa mkono, kwenye karatasi moja, mbele ya mashahidi na ofisa mtendaji wa kijiji. Karatasi hiyo hukunjwa mara nne, hutiwa katika mfuko wa plastiki na kuhifadhiwa sandukuni. Inapotakiwa, mara nyingi kwa sababu ya mgogoro, mwenye nayo humwomba kijana aipige picha kwa simu na kuituma mjini. Huko mtu mwingine hupewa kazi ya kuichapa neno kwa neno. Mtu huyo ndiye anayeitwa mnukuzi katika makala haya.

Makala haya yanahusu waraka mfupi ambao mnukuzi huuambatanisha na kazi yake, akimweleza mteja ni sehemu zipi za picha zilizoshindikana kusomeka na kwa nini. Wanukuzi wengi hawauandiki kabisa, au huandika sentensi moja tu kwamba "baadhi ya maneno hayaonekani vizuri." Sentensi hiyo haimsaidii mteja. Haimwambii kama akipiga picha upya atafanikiwa, wala kama neno analoliona limechapwa lilisomwa kwenye karatasi au lilikisiwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba maelezo ya mnukuzi hayana budi kutenganisha mambo matatu: kilichoonekana kwa macho, kilichojazwa kwa msaada wa lugha au hesabu, na kisichosomeka. Kila kisichosomeka nacho kitajiwe chanzo chake.

Namna picha inavyopoteza herufi

Ukungu wa picha hauna sura moja. Lenzi ikishindwa kulenga karatasi, kila nukta ya wino hutawanyika pande zote na kuwa kiduara. Mkono ukitikisika wakati wa kupiga, nukta hiyohiyo huvutwa upande mmoja na kuwa kistari. Ndiyo maana mnukuzi mzoefu huanza kwa kutazama alama ndogo kabisa, yaani nukta za herufi "i" na nukta za mwisho wa sentensi, kabla hajajaribu kusoma neno lolote. Nukta zikiwa viduara, tatizo ni lenzi. Zikiwa vistari vinavyoelekea upande mmoja, tatizo ni mkono, na mwelekeo wa vistari hivyo unamwonyesha ni mistari ipi ya herufi imeharibika.

Tofauti hii ina matokeo katika usomaji. Ukungu wa lenzi huziba matumbo ya herufi, hivyo "a", "e" na "o" hufanana, na "3" huikaribia "8". Mtikisiko wa kwenda kando huharibu mistari iliyosimama: "m", "n" na "u" huwa utando mmoja, ilhali mistari ya kulala, kama kikato cha "t", hubaki. Mtikisiko wa juu na chini hufanya kinyume chake. Kwa hiyo katika picha iliyotikisika kwenda kando, kuonekana kwa kikato cha "t" ni ushahidi mzuri, na kutoonekana kwake pia ni ushahidi, mradi hakuna kitu kingine kilichokifunika.

Jambo la pili ni wingi wa nukta za picha, yaani pikseli. Programu ya WhatsApp, mtumaji asipochagua ubora wa juu au asipoituma picha kama faili, hupunguza upande mrefu wa picha hadi takriban pikseli 1600. Urefu wa karatasi ya A4 ni milimita 297. Karatasi ikijaza picha yote, kila milimita hupata pikseli zaidi kidogo ya 5. Lakini mara nyingi meza, mkeka na hata vidole vya aliyeishika huingia pichani, na karatasi ikabaki na theluthi mbili tu za urefu huo. Hapo milimita moja hupata pikseli 3.6 hivi. Herufi "a" yenye kimo cha milimita 2.5 huwa na kimo cha pikseli 9, na uwazi ulio ndani ya tarakimu "0" huwa na upana wa pikseli 3 au 4. Mtikisiko wa pikseli 4 unatosha kuuziba uwazi huo wote. Kwa kulinganisha, nukta 300 kwa inchi, kipimo kilichozoeleka katika kunakili nyaraka kwa mashine, hutoa karibu pikseli 12 kwa milimita.

Wateja huuliza mara kwa mara kwa nini picha isinolewe kwa programu ya kompyuta. Kunoa huongeza utofauti wa weusi na weupe kwenye kingo, na huweza kumpumzisha macho msomaji, lakini hakurudishi kilichokwisha kupotea. Tena hatari yake ni kwamba kivuli kilichonolewa hugeuka kuwa mstari unaofanana na wino. Tukio linalofahamika zaidi katika jambo hili lilitokea Ujerumani mwaka 2013, pale mtaalamu wa kompyuta David Kriesel alipogundua kwamba baadhi ya mashine za kunakili za kampuni ya Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu. Katika ramani ya nyumba aliyoinakili, vyumba vya ukubwa tofauti vyote viliandikwa mita za mraba 14.13. Mashine ilipobana faili ili liwe dogo, ilihesabu vipande vya maandishi vinavyofanana kuwa kitu kimoja, ikaweka kimoja mahali pa kingine. Nakala ilitoka safi, isiyo na ukungu wowote, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeitilia shaka. Tarakimu yenye ukungu angalau humtahadharisha msomaji.

Msaada wa Kiswahili na mipaka yake

Kiswahili humsaidia mnukuzi kuliko lugha nyingi. Silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na upatanisho wa ngeli hurudia taarifa ileile katika maneno kadhaa. Ikisomeka "shamba l-ngu lenye ukubwa wa", irabu iliyofichika haiwezi kuwa nyingine ila "a". Ikisomeka "mp-ka wa kaskazini", hata kama katikati pana doa, neno ni "mpaka." Sehemu kubwa ya ukurasa wenye ukungu hurejeshwa kwa njia hii, na hakuna ubaya, mradi mteja aambiwe.

Msaada huo unakoma katika mambo ambayo sarufi inaruhusu yote mawili. "Nimepokea" na "nitapokea" yanatofautiana kwa silabi moja, na sentensi husimama kwa vyovyote vile. Lakini la kwanza ni la mtu aliyekwisha kulipwa, na la pili ni la mtu anayedai. "Sitadai" na "nitadai" yanatofautiana kwa herufi ya kwanza tu. Katika hati ya shamba, silabi hizi ndizo zenye mali ndani yake. Kipimo kinachopendekezwa ni rahisi: mnukuzi ajiulize kama kuna neno jingine linaloweza kukaa katika nafasi ileile na sentensi ikaendelea kuwa na maana. Likiwapo, asijaze.

Majina nayo hayana sarufi ya kuyaokoa. Mkoani Singida tatizo hili ni kubwa kwa sababu majina kadhaa ya mahali yanaanza kwa mwanzo mmoja: Unyambwa, Unyamikumbi, Unyahati. Mwanzo "Unya-" ukisomeka na mwisho ukafifia, mnukuzi hana haki ya kuchagua, hata kama anajua kwamba mteja wake anatoka mojawapo ya sehemu hizo. Majina ya watu yana ugumu wa ziada. Kinyaturu kina irabu saba, na waandishi waliosomea Kiswahili huziandika kwa herufi tano, kila mmoja kwa namna yake. Hivyo jina moja huweza kuandikwa kwa "e" mahali pamoja na kwa "i" mahali pengine, hata katika karatasi ileile. Kusahihisha tahajia hizo ili zilingane ni kuharibu hati.

Mfano mmoja

Mfano ufuatao umetungwa kwa kufuata sura ya kawaida ya hati hizi, ili jambo la mtu halisi lisifichuliwe. Ichukuliwe picha ya hati ya mauziano ya shamba kutoka kijiji kimoja cha eneo ambalo leo ni Wilaya ya Ikungi. Karatasi ni A4 yenye mistari, imeandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu, ina mikunjo miwili, mhuri wa buluu na alama mbili za dole gumba. Nukta za sehemu ya juu zimevutwa kwenda kando. Nukta za sehemu ya chini, pamoja na kuvutwa, ni pana na za duara, kwa sababu simu ilishikwa kwa kuinama na sehemu hiyo ya karatasi ilikuwa mbali zaidi na lenzi.

Ukubwa wa shamba unasomeka kuwa "ekari" na tarakimu ambayo ni 3 au 8. Chini yake pameandikwa vipimo kwa hatua: tarakimu ya kwanza ni 2 isiyo na shaka, ya pili haionekani, ya tatu ni 0, kisha "kwa 70." Vijijini ekari moja huhesabiwa kuwa hatua 70 kwa 70, yaani hatua za mraba 4,900. Hata kama tarakimu iliyofichika ingekuwa 9, shamba la hatua 290 kwa 70 lingekuwa na ekari 4 na kidogo tu. Ekari 8 zingehitaji hatua 560 kwa 70. Kwa hiyo 8 inaondoka na 3 inabaki, na hatua zinazotoa ekari 3 kamili ni 210. Mnukuzi anaweza kuandika 3, lakini ndani ya mabano, kwa kuwa amefika hapo kwa hesabu na si kwa macho. Tena hesabu hiyo inategemea kwamba aliyeandika alipima na kuzidisha sawasawa. Kuandika 210 kwa sababu 3 inaihitaji, kisha kuitumia 210 kuthibitisha 3, ni kuzunguka mduara. Tarakimu ya katikati ibaki wazi.

Tarehe ni jambo zito zaidi. Mwaka unasomeka 20, kisha tarakimu yenye ukungu, kisha 8. Ni 2008 au 2018. Kwa mtikisiko wa kwenda kando, "1" hupanuka na kuwa utando mwembamba, na "0" huzibwa tundu lake na kuwa utando kama huo. Mhuri una maneno "Halmashauri ya Wilaya ya Singida", na Wilaya ya Ikungi ilianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka wilaya hiyo. Msomaji mwenye haraka angesema basi ni 2008. Lakini mhuri wa mpira haufi siku wilaya inapogawanywa. Ofisi ya kijiji inaweza kuendelea kuutumia hadi ipate mwingine. Mhuri unaelekeza upande mmoja bila kuthibitisha. Na tofauti hiyo ya miaka kumi si ndogo, kwa maana Sheria ya Ukomo wa Madai (Sura ya 89) inatoa miaka 12 ya kudai ardhi. Iwapo haki ya kudai ilianza siku ya mauziano na shauri likafunguliwa mwaka 2024, hati ya 2018 iko ndani ya muda, na ile ya 2008 imepitwa kwa miaka minne. Mnukuzi anayeijaza tarakimu hiyo kimyakimya amekwisha kuamua jambo la hakimu.

Kuhusu malipo, mstari unasomeka "fedha zote ni", silabi moja isiyoonekana, kisha "pokea." Kwa kuwa mtikisiko ni wa kwenda kando, kikato cha "t" kingepaswa kubaki kama kingekuwapo. Kwa bahati mbaya mkunjo wa karatasi unapita katika kimo hichohicho, na kivuli chake ni mstari mweusi wa kulala. Kutoonekana kwa kikato hapo hakumaanishi kitu. Neno "zote" linaelekea zaidi upande wa "nimepokea", lakini mtu anaweza pia kuandika kwamba fedha zote atazipokea baada ya mavuno.

Mhuri umefunika jina la shahidi wa pili. Picha ya rangi huundwa na tabaka tatu, nyekundu, kijani na buluu. Wino wa kalamu ungekuwa mweusi, mnukuzi angetazama tabaka ya buluu peke yake: humo mhuri wa buluu hufifia na wino mweusi hubaki. Hapa kalamu na mhuri ni rangi moja, na vyote viwili hufifia pamoja. Jina la shahidi wa kwanza liko chini ya dole gumba, na wino wa dole ni mzito kuliko wa kalamu.

Maelezo yenyewe

Alama zinazotumika zimefuata, kwa kurahisishwa, utaratibu wa wahariri wa maandishi ya kale uliokubaliwa Leiden mwaka 1931, ambao huweka ndani ya mabano ya mraba herufi zilizopotea na kujazwa na mhariri. Maelezo kwa mteja yanaweza kuandikwa hivi:

"Ndugu mteja,

Pokea unukuzi wa hati ya shamba uliyoituma kwa picha. Maneno yasiyo na mabano yamesomwa kwa macho. Maneno yaliyo ndani ya mabano ya mraba yamejazwa na mnukuzi, na sababu zimetolewa hapa. Mabano yenye nukta tatu yana maana kwamba sehemu hiyo haikusomeka.

Mstari wa 1, mwaka 20[...]8. Haikusomeka, kwa sababu simu ilitikisika. Ni 2008 au 2018. Mhuri unataja Wilaya ya Singida, jambo linalolingana zaidi na mwaka 2008, lakini halitoshi kuthibitisha.

Mstari wa 3, mkazi wa Unya[...]. Mwisho wa jina umefifia. Majina zaidi ya moja yanawezekana, na hakuna lililochaguliwa.

Mstari wa 5, ekari [3]. Imejazwa kwa hesabu ya hatua zilizo mstari wa 6. Tarakimu ya katikati ya hatua hizo, 2[...]0, haikusomeka.

Mstari wa 9, fedha zote ni[...]pokea. Haikusomeka, kwa sababu mkunjo wa karatasi umepita juu ya silabi. Linaweza kuwa 'nimepokea' au 'nitapokea.' Tafadhali usilitumie neno hili kabla ya kuiona karatasi yenyewe.

Mashahidi. Jina la kwanza limefunikwa na dole gumba, la pili na mhuri wa rangi sawa na kalamu.

Mistari ya 1, 3 na 6 inatarajiwa kusomeka ukipiga picha upya. Iweke karatasi juu ya meza kando ya dirisha, simu iwe juu yake bila kuinama, egemeza viwiko mezani, piga robo ya ukurasa kwa kila picha, kisha utume kama faili. Mstari wa 9 upigwe peke yake, mkunjo ukiwa umenyooshwa na mwanga ukitoka upande ambao kivuli hakiangukii maandishi. Majina ya mashahidi huenda yasisomeke hata kwa picha nzuri. Ijaribiwe karatasi kugeuzwa na kutazamwa upande wa nyuma, kwa kuwa kalamu huacha alama za mgandamizo."

Inafaa kuangaliwa kwamba maelezo haya hayasemi shamba ni la nani, wala hayataji sheria ya ukomo, ingawa mnukuzi anaweza kuifahamu. Tofauti inayoletwa na tarakimu moja ameionyesha kwa kutaja miaka yote miwili. Uzito wake ni kazi ya wakili na baraza. Vilevile unukuzi hauchukui nafasi ya hati. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania (Sura ya 6) inataka maandishi yathibitishwe kwa hati halisi, na nakala hupokelewa kwa masharti. Karatasi iliyoko sandukuni isitupwe kwa kudhani kwamba iliyochapwa ni bora.

Yupo mteja atakayerudi na kusema kwamba shahidi wa pili anamjua, ni jirani yake na yu hai, kwa hiyo jina lijazwe. Jirani huyo anaweza kweli kuwa ndiye. Lakini anachokijua mteja hakikutoka katika picha, na mahali pake si ndani ya unukuzi. Mnukuzi anaweza kukiandika katika maelezo kama kauli ya mteja, pamoja na tarehe aliyoitoa, na kuiacha nafasi ya jina katika hati ikiwa wazi. Jirani mwenyewe, akihitajika, ataitwa kuapa na kueleza alichokiona siku ile.